Haipavaiza Ipi kwa Laptopu ya Kawaida?

Tuchukue laptopu ambayo wanafunzi wengi wanayo: kumbukumbu ya GB 8, diski ya GB 256, na Windows 11 Home iliyotoka nayo dukani. Mwenyewe anataka kujifunza Linux bila kuifuta Windows. Anachohitaji ni haipavaiza, programu inayogawa prosesa, kumbukumbu na diski ili mfumo wa pili uendeshwe ndani ya mashine pepe, ukijiona una kompyuta yake peke yake.

Mgawanyo wa haipavaiza katika aina mbili ulitolewa na Robert Goldberg katika tasnifu yake ya Harvard ya mwaka 1973, na bado unatumika. Aina ya kwanza hukaa moja kwa moja juu ya vifaa vya kompyuta, kama ilivyo VMware ESXi. Aina ya pili huwekwa ndani ya mfumo uliokwishapo, kama programu nyingine yoyote. VirtualBox ndiyo inayojulikana zaidi.

Anayeanza hushawishika na aina ya kwanza, maana husikia kwamba ina kasi zaidi kwa kuwa hakuna mfumo mwingine katikati. Ni kweli, lakini hebu aiweke ESXi kwenye laptopu yetu. Kwanza, Windows iliyomo kwenye diski hiyo inafutika. Kazi ikiisha, kioo kinaonyesha maandishi machache na anwani ya mtandao, basi. Hakuna kivinjari wala mahali pa kufungua faili. Ili uunde mashine pepe na kuitumia unahitaji kompyuta ya pili iingie kwa anwani ile. Tena ESXi haitumii waifai, inataka waya wa mtandao na kadi inayoitambua, na laptopu nyingi nyembamba za siku hizi hazina hata tundu la waya huo. Ilitengenezwa kwa ajili ya seva, na kwa seva ni nzuri sana.

Kwa hiyo laptopu hii iwekewe VirtualBox. Kabla ya kuipakua, fungua Task Manager, kichupo cha Performance, ubofye CPU, utafute neno Virtualization. Likisomeka Disabled, ingia kwenye mipangilio ya BIOS kompyuta inapowaka, uwashe Intel VT-x, au SVM kwa prosesa za AMD. Bila hivyo mashine pepe hugoma kuwaka.

Kinachofuata ni kugawa kumbukumbu, na hapo ndipo wengi huharibu. Windows pamoja na kivinjari chenye kurasa chache huweza kula GB 4 au zaidi. Mpe mgeni GB 2 na prosesa mbili, kisha uchague Linux nyepesi kama Lubuntu. Ukimpa mgeni GB 5 kwa ukarimu, Windows itaanza kuhamishia kumbukumbu yake kwenye diski. Utaijua hali hiyo: kishale cha mausi kinasuasua, na Task Manager inaonyesha diski iko karibu na asilimia 100 ingawa hufanyi lolote.

Pengine umegawa vizuri na bado mgeni anajikokota. Tazama chini ya dirisha la mashine pepe. Ukiona picha ndogo ya kobe wa kijani, basi haipavaiza ya aina ya kwanza tayari imo ndani ya laptopu yako na wewe hukuiweka. Ni ile ya Hyper-V. Toleo la Home halikupi vifaa vya kuunda mashine za Hyper-V, lakini Windows huiwasha haipavaiza hiyo kimyakimya kwa kazi za ulinzi kama Memory integrity, au ukiwa umeweka WSL 2. Ikiwaka, hukaa chini kabisa, Windows yenyewe huendeshwa juu yake, na VirtualBox hulazimika kupitia kwake. Unaweza kuhakikisha kwa amri hii:

```
systeminfo
```

Mwishoni pakiandikwa "A hypervisor has been detected", ipo.

Kuna wanaoshauri uzime Memory integrity papo hapo. Mimi ningeiacha, maana inazuia programu hasidi kupenyeza msimbo wake kwenye kiini cha Windows, na kwa kujifunza amri za Linux kasi ya kobe inatosha. Isipotosha, na kama shabaha yako ni amri tu bila madirisha ya picha, WSL 2 inatumia haipavaiza hiyohiyo iliyokwishapo na huwaka kwa sekunde chache.

Ukibaki na VirtualBox, chagua diski pepe inayokua, yenye ukomo wa GB 25. Huanza ikiwa ndogo, ikapanuka kadiri mgeni anavyoandika, lakini haijipunguzi yenyewe anapofuta faili. Angalia nafasi iliyobaki upande wa Windows, kwa sababu ikiisha huko, VirtualBox husimamisha mashine pepe katikati ya kazi, hata kama Lubuntu inaonyesha ina GB 10 za bure.