Jinsi ya kuondoa ubaguzi na utata katika tangazo la kazi kabla halijatolewa

Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi, iwe kwa njia ya moja kwa moja au kwa njia iliyojificha. Katazo hilo haliishii kwa walio tayari kazini. Kwa madhumuni ya kifungu hicho, mwombaji wa kazi naye huhesabiwa kuwa mfanyakazi, na tangazo la kazi pamoja na vigezo vya kuchuja waombaji ni sehemu ya taratibu za ajira zinazoguswa na katazo. Miongoni mwa misingi iliyotajwa ni kabila au mahali mtu anapotoka, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, majukumu ya kifamilia, ulemavu na umri.

Sheria hiyo hiyo haioni kuwa ni ubaguzi pale mwajiri anapomchagua mtu kwa sifa inayotokana na asili ya kazi yenyewe. Kwa hiyo mwandishi wa tangazo ana swali moja la kuuliza mbele ya kila sifa: ni jukumu gani la kazi hii linaloidai? Sifa isiyo na jukumu huondolewa. Sifa yenye jukumu lakini iliyoandikwa kwa maneno mapana huandikwa upya kwa kulitaja jukumu hilo.

Chukua mfano wa rasimu ya tangazo la mtunza ghala la pembejeo za kilimo, iliyoandikwa hivi: "Anahitajika kijana wa kiume mwenye umri wa miaka 20 hadi 30, mwenye nguvu, mwenyeji wa wilaya hii, asiye na majukumu mengi ya kifamilia, anayejua kompyuta vizuri, mwenye uzoefu wa kutosha na leseni ya udereva."

Kabla ya kugusa neno lolote, mwandishi huorodhesha kazi anazofanya mtunza ghala huyo kwa siku. Hupokea mizigo na kuilinganisha na hati zake, huandika leja, hutoa mbolea na mbegu kwa vibali, hukagua mafungu kila wiki na kutoa taarifa ya salio kila mwisho wa mwezi. Mifuko ya kilo 50 hubebwa na wapakiaji kwa toroli.

Orodha hiyo ikiwekwa kando ya rasimu, maneno "mwenye nguvu" hayana jukumu la kuyashikilia, kwa kuwa mtunza ghala huhesabu mifuko, habebi. "Wa kiume" nayo huanguka kwa sababu hiyo hiyo. Neno "kijana" linahitaji uangalifu wa pekee. Sarufi ya Kiswahili haimtenganishi mwanamume na mwanamke katika kitenzi wala kiwakilishi. "Atapokea mizigo" ni kauli ya wote. Kwa sababu hiyo, upendeleo katika matangazo ya Kiswahili huingia zaidi kupitia nomino na vivumishi: kijana, binti, mama mtu mzima, mwenye mvuto. Kuyasoma maneno ya aina hiyo peke yake ni njia ya haraka ya kuuona upendeleo uliojificha katika tangazo lote.

Maneno mengine yamebeba hitaji la kweli, ila yamelisema kwa njia isiyo sahihi. "Mwenyeji wa wilaya hii" hugusa moja kwa moja mahali mtu anapotoka, ingawa hitaji lenyewe ni mtu wa kufungua ghala mapema. "Asiye na majukumu mengi ya kifamilia" humwengua mzazi, ilhali hitaji ni mtu wa kufanya kazi baadhi ya Jumamosi. Katika sehemu zote mbili mwandishi hutaja saa na siku, kisha mwombaji mwenyewe huamua kama anaziweza.

Leseni ya udereva huonekana haina ubaya, lakini hapa ndipo penye ubaguzi uliojificha. Sharti hilo haliwataji watu wenye ulemavu wa kuona au wa viungo, ila huwaondoa wengi wao katika kazi ambayo haina hata safari moja ya kuendesha gari. Kama leseni ingefaa tu siku dereva anapokosekana, basi si sifa ya lazima.

Utata nao una madhara yake. "Uzoefu wa kutosha" kwa msomaji mmoja ni miezi sita na kwa mwingine ni miaka mitano. Mwenye uwezo lakini mwenye hadhari hatatuma maombi, na kamati ya mchujo itapata mwanya wa kumpitisha inayemtaka na kumkataa isiyemtaka kwa neno lile lile. "Anayejua kompyuta vizuri" nalo halipimiki mpaka kazi ya kompyuta itajwe.

Baada ya kusafishwa, tangazo husomeka hivi: "Anahitajika mtunza ghala. Atapokea na kutoa pembejeo, ataandika leja na kuandaa taarifa ya salio kila mwezi. Kazi huanza saa 12:30 asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumamosi mbili kwa mwezi. Sifa za lazima: cheti cha ununuzi na ugavi au uhasibu; uzoefu wa mwaka mmoja wa kutunza kumbukumbu za bidhaa, dukani, ghalani au mahali pengine; uwezo wa kujaza na kujumlisha jedwali kwenye kompyuta, utakaopimwa kwa zoezi siku ya usaili."

Kuna jaribio rahisi la kujua kama utata umekwisha. Watu wawili wasioifahamu nafasi hiyo hupewa tangazo na wasifu wa waombaji watano wa kubuni, kila mmoja peke yake, kisha huulizwa nani aitwe kwenye usaili. Wakitofautiana, sifa iliyowatenganisha ndiyo yenye utata na hurudishwa kuandikwa upya.

Kazi hiyo ina mipaka yake. Katika utumishi wa umma, sifa za kila kada hutokana na Muundo wa Maendeleo ya Utumishi husika, na mwandishi wa tangazo hana mamlaka ya kuzipunguza wala kuziongeza. Kinachobaki mikononi mwake ni kuyaeleza majukumu kwa lugha iliyo wazi. Vilevile, tangazo safi halina maana iwapo kamati itachuja kwa vigezo vya rasimu ya zamani. Jedwali la alama za mchujo linapaswa kuwa na sifa zile zile zilizotangazwa, bila safu ya ziada.

Mwombaji anayeamini kuwa amebaguliwa anaweza kufikisha lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Akiwasilisha ushahidi wa awali unaoonesha ubaguzi, ni jukumu la mwajiri kuthibitisha kuwa ubaguzi haukutokea au kwamba ubaguzi huo haukatazwi na sheria. Katika shauri la namna hiyo, nakala ya tangazo iliyohifadhiwa pamoja na tarehe yake ni ushahidi muhimu kwa pande zote mbili: mwombaji huonesha alichoambiwa, na mwajiri huonesha jukumu lililoidai kila sifa aliyoiandika.