Umeshinda kesi, lakini samansi ilimfikia nani?

Wenzangu wa biashara, leo nawaambia kosa lililonila miezi minane. Mteja alichukua unga na mafuta kwangu kwa mkopo, deni likafika shilingi 86,000. Simu akaacha kushika, nikampeleka korti ya hakimu hapa Mombasa.

Mpeleka samansi akaenda kwenye kibanda chake, akamkuta kijana muuzaji. Kijana akapokea, akaweka sahihi. Mshtakiwa hakujibu, nikapewa hukumu ya upande mmoja, nikafurahi sana. Dalali wa korti alipofika kushika friji, jamaa akakimbilia kortini: "Mimi samansi sikuiona." Hukumu ikafutwa. Korti haikumuuliza hata kama deni analo, kwa sababu hukumu iliyotoka bila mtu kupewa samansi sawasawa haisimami. Gharama za dalali zikabaki kwangu.

Nilikosea wapi? Kwa sheria ya Kenya, samansi apewe mshtakiwa mwenyewe mkononi, au wakala aliyemruhusu kupokea. Asipopatikana nyumbani, anaweza kupewa mtu wa familia yake aliyefika miaka 18 anayeishi naye. Mfanyakazi si familia. Kijana wa kibanda hakuwa wakala, ni muuzaji tu.

Basi tukaanza upya. Deni halikufa, iliyokufa ni ile hukumu. Safari hii mpeleka samansi alienda mara tatu, siku na saa tofauti, nyumbani na kibandani. Jamaa anajificha. Kila safari akaiandika kwenye hati ya kiapo: alienda lini, saa ngapi, nani alimwonyesha nyumba, na aliambiwa nini.

Kwa kiapo hicho nikaomba korti iruhusu samansi ipelekwe kwa njia mbadala. Korti ikaamuru nakala moja ibandikwe kwenye ubao wa korti na nyingine mlangoni kwake. Wakati mwingine huamuru tangazo la gazeti. Ukishapewa amri hiyo na kuifuata, inahesabika sawa na kumpa mkononi. Lakini usibandike kwa akili yako halafu useme umempa! Amri ya korti itangulie, na korti haitoi bila kuona ulimtafuta kweli.

Tangu 2020 kanuni zinakubali pia samansi kutumwa kwa barua pepe au meseji za WhatsApp, ila iwe namba aliyoitumia mwisho na iliyothibitishwa kuwa yake, na uwe na alama kwamba imefika. Kwa hiyo mkopeshe mtu baada ya kuandika namba yake, anakoishi na jina lake kamili la kitambulisho.

Na kama ni wewe unadaiwa, ukasikia hukumu bila kuona samansi, usikae. Nenda kortini, omba kuona kiapo cha aliyeipeleka. Kikisema alimpa "kijana wa dukani", hapo una hoja.

Jamaa yangu safari hii alikuja mwenyewe. Tumekubaliana 10,000 kila mwezi.