Tumbo la Ndama Hujengwa kwa Nafaka na Maji

Ndama huzaliwa akiwa na sehemu nne za tumbo kama ng'ombe mzima, lakini inayofanya kazi ni ya nne tu. Maziwa anayonyonya hupita kwenye mfereji unaojifunga na kwenda moja kwa moja huko. Sehemu ya kwanza, rumeni, wakati huo ni ndogo na kuta zake ni nyororo. Ndama akilelewa kwa maziwa matupu hubaki hivyo kwa wiki nyingi.

Chakula kikavu ndicho huiamsha. Nafaka inapoingia kwenye rumeni, bakteria huichachusha na kutoa asidi, hasa ya butiriki, ambayo huchochea kuota kwa vinyweleo vya nyama ukutani. Vinyweleo hivyo ndivyo hufyonza virutubisho. Nyasi kavu hutanua rumeni na kuimarisha misuli yake, ila huchangia kidogo kukuza vinyweleo. Kwa hiyo ndama anayelishwa nyasi mapema bila nafaka hupata kitambi huku mbavu zikionekana na manyoya yakisimama.

Chakula cha kuanzia huwa na protini ya asilimia 18 hadi 20. Mahindi yaparazwe tu, yasisagwe kuwa unga, kwa kuwa vumbi humkera ndama na kugandamana mdomoni. Urea isitiwe, kwa sababu rumeni changa haiwezi kuitumia na inaweza kumdhuru.

Maji nayo hayapiti kwenye mfereji wa maziwa. Mengi huingia kwenye rumeni, na bakteria hawawezi kustawi pakavu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1984 ulionyesha kuwa ndama walionyimwa maji walikula chakula kikavu pungufu kwa takriban asilimia 31. Maziwa basi hayachukui nafasi ya maji.

Chukua ndama wa Friziani anayepewa maziwa kwa ndoo. Kuanzia siku ya nne hivi, huwekewa maji safi kwenye ndoo ya pekee, mbali kidogo na chakula ili visichafuane. Mara tu baada ya maziwa, mlishaji humtia chembe chache za chakula mdomoni, kisha humwachia konzi moja kwenye chombo. Mabaki hutolewa kila siku kabla hayajaota ukungu, na kiasi huongezwa kadiri anavyokimaliza. Wiki za mwanzo hula kidogo sana; kufikia wiki ya pili au ya tatu huanza kucheua.

Wakati wa kumwachisha maziwa huamuliwa na ulaji kuliko umri. Akila takriban kilo moja kwa siku, siku tatu mfululizo, maziwa hupunguzwa polepole kwa muda wa wiki moja hivi. Akikonda au akidumaa baada ya hapo, ni dalili kwamba huenda aliachishwa kabla rumeni haijakomaa.