Tezi ya Shingo Inapolegea, Moyo Hupunguza Mwendo

Tezi ya thairoidi imekaa mbele ya shingo, chini kidogo ya kongomeo. Hutumia madini joto kutengeneza homoni zinazoamua mwili uchome chakula kwa kasi gani ili kupata nguvu na joto. Homoni hizo zikipungua, kazi zote hupoa: misuli huchoka upesi, na joto la mwili hushuka hata mtu akajifunika shuka nzito wakati wenzake wanajipepea. Moyo nao, ambao kasi yake hutegemea homoni hizo, hupiga polepole.

Kwa mtu mzima aliyetulia, moyo hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Kuhesabu mapigo hayo husaidia kwa sababu uchovu na baridi huletwa pia na upungufu wa damu. Mwenye damu pungufu, moyo wake kwa kawaida huenda mbio. Mwenye tezi iliyolegea, mara nyingi huenda taratibu. Hata hivyo, mapigo peke yake hayathibitishi ugonjwa. Wanariadha huwa na mapigo machache wakiwa wazima kabisa, dawa za presha kama atenololi hupunguza mapigo, na baadhi ya wagonjwa wa tezi hubaki na mapigo ya kawaida.

Chukua mfano wa mwanamke wa miaka 46 mwenye mapigo 52. Kwa miezi kadhaa amechoka, anasikia baridi, ngozi imekauka, anapata choo kwa shida na uzito umeongezeka ingawa hali zaidi ya zamani. Hatumii dawa yoyote. Kipimo cha damu kinaonyesha TSH 38, ilhali maabara nyingi huweka kikomo cha juu karibu na 4, na homoni ya T4 iko chini. TSH hutoka kwenye tezi iliyo chini ya ubongo kuihimiza thairoidi ifanye kazi. Ikipanda huku T4 ikishuka, basi thairoidi yenyewe imeshindwa. Mara nyingi chanzo ni kinga ya mwili kuishambulia tezi hiyo. Upasuaji wa tezi na ukosefu wa madini joto pia huleta hali hii.

Tiba ni vidonge vya levothairoksini, vinavyomezwa kwa maji tumbo likiwa tupu, angalau nusu saa kabla ya kifungua kinywa. Vidonge vya madini ya chuma au kalisi huzuia dawa isifyonzwe, hivyo humezwa saa 4 baadaye. Mzee au mgonjwa wa moyo huanzishiwa dozi ndogo, maana kuuharakisha moyo ghafla kunaweza kuleta maumivu ya kifua. TSH hupimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8, na wengi hutumia dawa maisha yao yote.

Mgonjwa akianza kuchanganyikiwa, kusinzia kupita kiasi au kuzirai, apelekwe hospitali mara moja.