Ngeli Yako Iko Fiti, Shida ni Kichwa Bado Inaandika Kiswahili

Soma hii sentensi pole pole: "My mum reached the hospital at two in the morning and he found the doctor has left."

Hiyo ni yangu. Niliiandika kwa insha yangu ya kwanza kolejini, kabla niachie masomo. Lekchara alichora laini chini yake, akauliza pembeni: huyu mwanaume ametoka wapi? Na alitarajia kupata daktari saa nane usiku? Nilikasirika, juu kwa kichwa yangu stori ilikuwa klia kabisa. Lakini ilikuwa klia kwa Kiswahili. Kwa ngeli ilikuwa stori ingine.

Hebu tuifungue, juu hiyo sentensi moja iko na makosa matatu yenye hata wasee wa gredi poa huanguka.

Ya kwanza ni hiyo "he". Kiswahili haijali kama mtu ni dem ama chali. "Alifika" ni ya mathe, ni ya buda, ni ya daktari. Ukiandika mbio, kichwa inatafsiri hiyo "a-" kwa neno la kwanza lenye linakuja, na mara nyingi ni "he". Kwa ngeli, msomaji akiona "he" anaanza kutafuta mwanaume. Kwa insha yangu mwanaume hakuwa, so akadhani nimeruka mtu.

Ya pili ni saa. Mathe alifika saa mbili asubuhi. Sisi huanza kuhesabu jua likitoka, Wazungu huanza usiku wa manane, so kuna tofauti ya masaa sita. Saa mbili yetu ya asubuhi ni "eight in the morning". Mi nilibeba namba venye iko, na mathe akajikuta hosi saa nane usiku. Hapa hakuna kosa la grama hata moja. Sentensi inasoma vizuri, na inadanganya.

Ya tatu ndio ngumu kushika: "has left". Kwa Kiswahili "alikuta daktari ameondoka" ni sawa kabisa. Hiyo "-me-" yetu inafuata wakati wa stori: kama stori ni ya mwaka jana, daktari aliondoka mwaka jana. "Has" ya ngeli inafuata wakati wa mwenye anaongea, yaani saa hii. Kama stori imepita, kitu kilichotokea kabla yake kinataka "had". Ukiandika "found the doctor has left", msomaji hajui kama daktari alitoka kabla mathe afike ama ndio ametoka juzi.

Sasa ona hasara. Pointi ya insha yangu ilikuwa hivi: daktari wa usiku alitoka kabla wa mchana aingie, na mathe akakaa kwa benchi mpaka saa sita. Bila hiyo saa na hiyo "had", lalamiko lote lilipotea.

Si kila kitu yenye tumetoa kwa Kiswahili ni kosa. Ukiandikia beshte "me I don't like tea", ameshika, ni ladha tu ya kwetu. Kwa insha itaonekana ya mtaani, lakini maana haijapotea. Linganisha na "borrow me your phone". Kuazima yetu inaenda pande zote, ya kutoa na ya kupokea. "Borrow" ni ya mwenye anapokea pekee. Mwenye anatoa ni "lend". Ukiandika "the nurse borrowed my mum a phone", msomaji hana uhakika simu ilikuwa ya nani. Swali la kujiuliza ni hilo: je, hii inabadilisha nani alifanya nini, na lini?

Kwa KCSE pia iko hivo. Insha ya kubuni kwa pepa ya tatu ya Kiingereza ni maksi 20, na mwenye anaanguka kabisa ni yule anafanya mwenye anasahihisha abahatishe alitaka kusema nini.

So ukimaliza kuandika, usisome yote ukitafuta kila kosa. Pita mara tatu. Raundi ya kwanza, weka kidole kwa kila "he" na "she", utaje jina la huyo mtu. Ya pili, angalia kila saa, ujiulize nje kulikuwa na jua ama giza. Ya tatu, tafuta kila "has" na "have" kwa stori yenye ilishapita.

Nikifanya hivo, yangu inatoka hivi: "My mum reached the hospital at eight in the morning and found that the doctor had left." Hapo hakuna neno gumu hata moja, na mathe amefika saa yenye alifika.