Dakika ngapi hadi kileleni?

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baisikeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kuja Afrika. Mpanda ambao Tadej Pogačar wa Slovenia aliutumia kuwakimbia wenzake, zikiwa zimebaki zaidi ya kilomita 100, ni ule wa Mlima Kigali: kilomita 5.9, mwinuko wa wastani asilimia 6.9. Je, mimi na wewe tungeupanda kwa muda gani?

Wengi huanza na spidi. "Mimi naenda kilomita ishirini kwa saa, basi hiyo ni dakika kumi na nane." Hapo hesabu imeshakwenda mrama, maana spidi ya tambarare haiwezi kupanda nawe mlimani. Kinachobaki karibu vilevile kutoka mlima hadi mlima ni kimo unachopata kwa saa: mita ngapi unajiinua kwenda juu, si mita ngapi za barabara unazozimaliza. Waendesha baisikeli hukiita kipimo hicho VAM, herufi tatu zilizotoka Italia kwa daktari Michele Ferrari. (Kipimo ni kizuri, mwenyewe alifungiwa maisha mwaka 2012 kwa mambo ya dawa zilizopigwa marufuku.)

Mwinuko wa asilimia 6.9 maana yake kila mita 100 za barabara zinakupandisha mita 6.9. Mita 5,900 zinakupa mita 407. Sasa gawa kwa kasi yako ya kupanda. Mtu mwenye mazoezi ya kawaida hupata kama mita 600 kwa saa: 407 gawa kwa 600, zidisha kwa 60, unapata dakika 41. Aliyejifua vizuri, mwenye mita 1,000, atatumia dakika 24 na ushee. Wale wa kulipwa, wanaofika 1,600 na zaidi, ni robo saa tu.

Kasi yako utaijua kwa kupima, si kwa kukisia. Tafuta mpanda ambao kimo chake unakijua kwenye ramani, anza na saa mkononi. Mimi nilianzia kilima cha jirani, mita 90, nikakimaliza kwa dakika saba na nusu. Hiyo ni mita 720 kwa saa, na nikajiona bingwa. Wiki iliyofuata nikaingia mpanda wa dakika arobaini nikiwa na namba hiyo kichwani, na nusu ya njia miguu ikagoma. Mwishowe hesabu ilinipa 590. Kilima kifupi hukopesha pumzi ambayo mlima mrefu utakudai. Pima kwenye mpanda wa angalau nusu saa, usiokulazimu kuhema hadi ushindwe kusema sentensi nzima.

Hata namba hiyo haisimami palepale. Kwenye mwinuko mdogo unakwenda kasi zaidi, na sehemu kubwa ya nguvu inaishia kusukuma upepo na msuguano wa matairi. Kwa nguvu zilezile zinazokupa mita 600 kwenye asilimia 7, tarajia pungufu kwenye asilimia 3, na zaidi kidogo kwenye asilimia 10. Kwa hiyo ukipima mlima mkali kisha ukakadiria barabara ya kupanda polepole, utachelewa kuliko ulivyosema.

Tahadhari nyingine ni neno "wastani". Barabara ikishuka mita 60 katikati kisha ikapanda tena, tofauti ya kimo kati ya mwanzo na mwisho inazificha mita hizo. Miguu itazipanda. Jumlisha vipande vinavyopanda peke yake.

Mzigo nao una hesabu yake. Mtu wa kilo 65 na baisikeli ya kilo 12 ni kilo 77. Ukifunga ndizi za kilo 40 nyuma, jumla ni 117. Nguvu hazijaongezeka, basi mita 600 zinashuka hadi kama 395, na Mlima Kigali unakuwa saa moja na dakika mbili. Ndiyo maana kwenye milima ya Burundi utawaona vijana wa mizigo wameshika lori nyuma. Ni hatari, lakini hesabu wanaijua.

Lakini dakika zile 41 zinahitaji gia. Zinamaanisha kilomita 8.7 kwa saa, yaani mita 145 kila dakika. Baisikeli ya gia moja, yenye meno 48 mbele na 18 nyuma, husogea kama mita 5.6 kila pedali inapozunguka mara moja. Ungezungusha mara 26 kwa dakika, kila mzunguko ukisimama juu ya pedali kwa uzito wako wote. Hakuna goti litakaloyavumilia hayo kwa dakika arobaini. Utashuka uikokote kwa kilomita nne kwa saa, na utafika baada ya karibu saa moja na nusu.