Je, Wajua? Miinuko 19, Vikanyagio 18

Je, wajua ngazi ya ghorofa huanza na hesabu ya kugawanya? Chukua nyumba moja tuipande pamoja: kutoka sakafu ya chini hadi sakafu ya juu ni mita 3.20, yaani milimita 3200. Unataka kila hatua ikuinue milimita 170. Gawa 3200 kwa 170, unapata 18.82. Haya niambie, hiyo 0.82 ya hatua utaikanyagaje?

Je, wajua jibu la fundi ni kugawa mara ya pili? Hatua 18.82 haijengeki, kwa hiyo anachukua namba kamili ya 19, kisha anagawa tena: 3200 kwa 19. Kila mwinuko unatoka milimita 168.4. Ile 170 uliyoichagua ilikuwa ombi lako tu. Wenye uamuzi ni urefu wa nyumba!

Je, wajua kupima hadi kwenye dari kunaweza kukuacha unaning'inia? Ukiisimamisha tepu yako kutoka chini hadi dari katika nyumba hii utasoma mita 3.00. Zile sentimita 20 zilizobaki zimejificha juu ya dari: unene wa slabu, plasta na marumaru. Ngazi iliyopigiwa hesabu ya mita 3.00 inaishia sentimita 20 chini ya sakafu unayoiendea. Pima sakafu kwa sakafu, ndugu yangu.

Je, wajua king'ang'anizi wa 170 huumbuliwa juu kabisa? Miinuko 18 ya milimita 170 inafika 3060, halafu inabaki 140 tu. Mguu wako umeshazoea 170 mara kumi na nane mfululizo, mara sakafu inaupokea milimita 30 mapema. Kanuni ya nyumba za makazi inayotumika Marekani inataka tofauti kati ya mwinuko mkubwa na mdogo katika mkondo mmoja wa ngazi isizidi milimita 9.5. Hapa tumeivuka mara tatu!

Je, wajua ngazi yenye miinuko 19 ina vikanyagio 18 tu? Hebu fikiri: ukimaliza mwinuko wa 19, mguu wako unatua wapi? Kwenye sakafu ya juu! Sakafu hiyo tayari ipo, huinunulii zege wala marumaru ya ngazi. Ndiyo maana vikanyagio huwa pungufu kwa kimoja kila mara.

Je, wajua hicho kimoja kinaweza kukulia chumba? Tuseme kila kikanyagio kina milimita 280. Vikanyagio 18 mara 280 ni 5040, basi ngazi yetu iliyonyooka inalala mita 5.04 ardhini. Aliyezidisha kwa 19 atatenga mita 5.32. Sentimita 28 zimekwenda bure, upana wa kabati la vitabu!

Je, wajua kipande cha marumaru chenye sentimita 30 kinaweza kuhesabiwa kuwa 28? Kama ukingo wake umechomoza sentimita 2 juu ya kikanyagio cha chini yake, zile mbili zinaelea juu ya nafasi iliyokwisha kuhesabiwa. Pima kutoka ukingo hadi ukingo. Anayezidisha 18 kwa 30 anapata mita 5.40, na amejiongezea sentimita 36 za hewa.

Je, wajua Mfaransa mmoja aliipa ngazi kanuni katika karne ya 17, na bado inatumika? François Blondel alisema: jumlisha miinuko miwili na kikanyagio kimoja, upate hatua moja ya mtu anayetembea, kama sentimita 65. Kwake, kupanda kulihesabiwa mara mbili ya kutembea. Jaribu yetu: 168.4 mara mbili, ongeza 280, unapata milimita 617. Mwongozo wa Uingereza unakubali kuanzia 550 hadi 700, kwa hiyo tumeingia bila kubisha hodi.

Je, wajua sentimita tatu za mwinuko zinaweza kukurudishia zaidi ya mita moja ya nyumba? Panda kwa milimita 200, na nyumba ileile inahitaji miinuko 16 na vikanyagio 15. Kila kikanyagio kikiwa 250, ngazi inalala mita 3.75 badala ya 5.04. Bei yake? Mteremko mkali zaidi, na mguu unaotua kwenye sentimita 25. Bibi yako ataliona hilo kabla yako!

Je, wajua na ukilainisha ngazi, inatambaa? Shusha mwinuko hadi milimita 152.4, unapata miinuko 21 na vikanyagio 20. Vipe vikanyagio milimita 300 kila kimoja, na ngazi inafika mita 6.00 kamili. Umepunguza milimita 16 tu kwenye kila hatua, ukalipa karibu mita nzima ya sakafu!

Je, wajua ngazi yetu ya mita 5.04 inaweza kuingia kwenye mita 3.52 bila kuguswa mwinuko hata mmoja? Ikunje katikati. Panda miinuko 10, ufike kwenye jukwaa la kugeukia, kisha umalizie 9. Mkondo mrefu una vikanyagio 9, yaani mita 2.52, ongeza jukwaa la mita moja. Na lile jukwaa? Ndilo kikanyagio cha kumi, kwa hiyo hesabu bado ni 18!

Je, wajua kukata desimali ndogo kunaweza kukupandisha juu ya sakafu? Fundi akiona sentimita 16.84 akasema "tuseme 17", miinuko 19 inafika sentimita 323. Amepita sakafu kwa sentimita 3! Wajuzi huweka alama zote kwenye ubao mmoja mrefu, kila moja ikipimwa kutoka chini kabisa: alama ya tano ni 842, ya kumi ni 1684, ya kumi na tisa ni 3200. Makosa madogo hayapati nafasi ya kurundikana.

Je, wajua ngazi iliyomwagwa sawasawa inaweza kuharibiwa na mafundi wa sakafu? Tuseme boksi lilipangwa kwa miinuko sawa ya 168, zege likakauka bila kasoro. Kisha sakafu ya chini na ya juu zikaongezwa milimita 60 za sakafu ngumu na marumaru, huku vikanyagio vikipata 25 tu. Mwinuko wa kwanza umezama hadi 133, wa mwisho umepaa hadi 203, na ile ya katikati imebaki 168 kama ilivyozaliwa!

Je, wajua unaweza kumkamata mkosaji kwa vipimo vitatu? Pima mwinuko wa kwanza, mmoja wa katikati na wa mwisho wa ngazi ya kwenu. Wa kwanza ukipungua kiasi kilekile ambacho wa mwisho umezidi, mshuku aliyeinua sakafu zote mbili. Wa mwisho peke yake ukipungua, mtafute king'ang'anizi wa 170. Na yote mitatu ikilingana? Mpigie simu fundi wako umpe hongera, kwa maana aligawa mara mbili!